Enyi Watunzi, Mpeni Mtoto wa Ziwani Sekunde 20

Neno hili ni lenu, watunzi wa Mwanza. Ni lenu vijana wa studio, walimu wa kwaya, ninyi mnaoitwa ningi katika ngoma za Wasukuma, walimu wa shule za msingi, na ninyi maafisa afya mnaowapa hao wote kazi. Kila mwaka inapokaribia Oktoba 15, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, au kila kipindupindu kinapopiga hodi, mnatafutana mtunge wimbo mfupi wa tangazo, lile jingo la redioni. Mnatunga, na mnatunga vizuri. Mdundo unaingia masikioni, watoto wanauimba njiani, gari la matangazo linaupeleka Igogo, Mabatini na Kitangiri. Likishapita, mikono inabaki ilivyokuwa. Nawasihi kwa moyo wangu wote, safari hii tusiridhike na wimbo unaochezeka. Tutunge wimbo unaonawisha.

Nendeni Mwaloni pale Kirumba saa za mchana, mkae kwa mama lishe yeyote, mtazame mikono badala ya nyuso. Wapakuaji wa dagaa wamekuja kula, kila mmoja katoka kushika magunia, noti, mlango wa choo cha soko na bega la mwenzake. Kuna beseni la maji kwenye stuli. Wa kwanza anachovya vidole, anakung'uta, anakaa. Wa pili anachovya maji yale yale, na wa tatu vivyo hivyo, na maji yanazidi kuwa ya kijivu. Wanakula ugali na sato kwa mikono hiyo. Wakimaliza, sasa ndipo mmoja anaita: "Mama, tupe sabuni!" Anasugua kwelikweli, hadi kwenye kifundo cha mkono, ananusa vidole, anasugua tena, kwa sababu hataki kupanda daladala akinuka shombo.

Hapo ndipo pana kazi yetu yote, ndugu zangu. Mtu wa ziwani anajua kunawa kwa sabuni, na anajua kuliko wengi, maana shombo limemfundisha. Ila sabuni yake inakuja baada ya kula, wakati vimelea vimeshamezwa pamoja na tonge. Kabla ya kula anapata maji matupu, tena ya watu wote. Wimbo unaomwambia "nawa mikono" haumwambii kitu, kwa kuwa yeye anaamini ameshanawa. Wimbo wetu lazima ufanye mambo mawili: uihamishe sabuni kutoka mwisho wa mlo na kuileta mwanzo, na umshike mtu pale majini mpaka asugue vya kutosha.

Vya kutosha ni vipi? Wataalamu wa afya wanashauri kusugua kwa sekunde 20 hivi, mbali na muda wa kulowesha na kusuuza. Sabuni haifanyi kazi kwa kuiona. Inalegeza mafuta na uchafu ulioshika ngozi, msuguano unaubandua, na maji yanayotiririka yanaubeba. Ukikosa msuguano, vimelea vinabaki vimejishikiza katikati ya vidole na chini ya kucha. Ukikosa maji yanayotiririka, umeviogesha tu na kuviacha vinaelea beseni moja na mikono ya mwenzako. Sasa mwambie mtoto wa darasa la pili asugue kwa sekunde 20 bila saa, uone. Baada ya sekunde 4 au 5 ameshakimbia. Mtoto hana saa mkononi, ila ana wimbo kichwani, na wimbo ukipimwa vizuri ni saa tosha.

Basi tuupime. Wenzetu wa mbali huwaambia watoto waimbe wimbo wao wa siku ya kuzaliwa mara mbili. Sisi hatuna haja ya kuazima, kwani tuna ubeti wa shairi. Ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane ukwapi na nane utao, una mizani 64. Imba mizani mbili katika kila pigo la ngoma, unapata mapigo 32. Ngoma ikienda mapigo 96 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa wa Bongo Fleva isiyo na haraka, mapigo 32 yanakwisha kwa sekunde 20 kamili, na kila mshororo unachukua sekunde 5. Wazee waliotuachia bahari hii hawakuwa wakiwaza sabuni, lakini kipimo chao kinatufaa kana kwamba walikikata kwa ajili ya bomba.

Nimetunga ubeti mmoja. Uchukueni, ubadilisheni, uboresheni, mradi msivunje kipimo:

Toa povu la sabuni, viganja sugua sana,
Pindua na mgongoni, vidole vikipishana,
Dole gumba na kuchani, ndimo taka hubanana,
Utokapo msalani, utakapo kula, mwana!

Angalieni unavyokwenda. Mshororo wa kwanza haumwambii mtoto aloweshe mikono, maana kulowesha na kushika sabuni ni kabla ya wimbo. Wimbo unaanza povu likianza. Nimelitaja povu kwa makusudi. Povu linaonekana kwa macho, na mtoto mwenzake anaweza kumwambia "wewe huna povu", jambo ambalo hawezi kulisema juu ya vimelea. Sekunde 5 za kwanza ni viganja kwa viganja. Mshororo wa pili unageuza mkono, kiganja cha huku juu ya mgongo wa mkono wa kule, kisha vidole vinapishana na kusuguana katikati. Wa tatu unakwenda mahali ambapo karibu kila mtu huruka, yaani dole gumba, linaloshikwa na kuzungushwa ndani ya ngumi ya mkono wa pili, na kucha, zinazokwaruzwa juu ya kiganja chenye povu. Msijali kuwa maneno ni machache. Mkono ukishazoea, neno moja linatosha kuukumbusha.

Mshororo wa nne hauna sehemu mpya ya mkono. Umewekwa hivyo ili mikono iendelee kusugua huku kinywa kikitaja nyakati, chooni na chakulani. Mtoto anayeimba hivyo mara kwa mara anafunga pamoja vitu vitatu akilini: mlango wa choo, sahani, na povu. Utokapo na utakapo vinafanana masikioni, na ndiyo sababu vimepangwa ubavu kwa ubavu. Ulimi unapenda kuvikimbiza, na kinachopendwa na ulimi hakisahauliki. Basi msije mkanibadilishia "utakapo kula" kuwa "ukishakula" kwa ajili ya kina au utamu wowote. Mkifanya hivyo mmeirudisha sabuni kule kule kwenye shombo.

Kuna kosa moja mtakaloliona mkiufundisha ubeti huu kwa maneno tu. Mtoto wa chekechea akisikia "pindua na mgongoni" ataupeleka mkono nyuma akajikuna mgongo wake mwenyewe. Dawa yake si kubadili neno. Dawa ni kwamba wimbo huu usifundishwe kamwe watoto wakiwa wamekaa na mikono juu ya dawati. Ufundisheni wakiwa wima, mikono mbele, mwalimu akifanya na wao wakifanya, kwanza bila maji, halafu majini. Tena ufundisheni kwa kuitikizana kama ngoma za kwetu zinavyokwenda, kiongozi akitoa ukwapi na kundi likijibu utao. Wasukuma wamelima mashamba makubwa kwa nyimbo zilizopimwa kwa jembe, na hakuna aliyejifunza nyimbo zile akiwa amekaa chini ya mti. Jembe lilikuwa mkononi. Wimbo wa kazi bila kazi yake ni kelele.

Nisikieni sana hapa, vijana wa studio. Najua mtakachotamani. Mtatamani singeli, kwa sababu singeli ndiyo inayowarusha watoto. Mimi sina ugomvi na singeli, nina ugomvi na saa. Ubeti huu ukipigwa kwa mapigo 120 kwa dakika unaisha kwa sekunde 16. Ukiupeleka mara mbili ya kipimo, mapigo 192, unaisha kwa sekunde 10, na mtoto atatoka bombani akiamini amemaliza kwa kuwa wimbo umemwambia amemaliza. Hapo wimbo utakuwa umemdanganya. Mkitaka mwendo huo basi uimbwe mara mbili, na jambo hilo lisemwe ndani ya wimbo wenyewe. Na mkiisha kurekodi, msiamini masikio yenu. Tafuteni watoto ambao hawajausikia, wafundisheni, waambieni waimbe peke yao bila ala, na mshike saa ya simu. Watoto wakiachiwa hukimbiza. Wakiumaliza kwa sekunde 15, rudini studio mshushe mwendo au mwongeze pigo la kupumua kati ya mshororo na mshororo, maana kinachotumika bombani ni sauti ya mtoto, wala si ya spika.

Kina mama wanahitaji ubeti wao. Nyakati za kunawa zinazotajwa na watu wa afya ni tano: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia, kabla ya kuandaa chakula, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha mtoto. Zote tano haziingii katika mshororo mmoja, na atakayezilazimisha ziingie atapata orodha badala ya wimbo. Kwa hiyo acheni mishororo mitatu ya kwanza ibaki, badilisheni wa mwisho tu:

Uingiapo jikoni, ukishamchamba mwana!

Nimemchagua mtoto mchanga kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kinyesi chake hakina neno, eti mtoto hajala kitu. Si kweli, jamani, si kweli hata kidogo. Kinabeba vimelea vya kuhara kama cha mtu mzima, na mkono uliomchamba ndio utakaokoroga uji wa kaka yake. Neno "kuchamba" litawaudhi baadhi ya watu wa redio. Niwaombe wavumilie, maana hilo ndilo neno la nyumbani, na mama akilisikia anajua ni yeye anayeambiwa.

Tena nawasihi msimtishe mtu. Karibu kila kampeni ya kwetu inaanza na kipindupindu na kuishia na jeneza. Hofu inafanya kazi, lakini inakufa pamoja na habari. Mnakumbuka 2020 jinsi ndoo zenye koki zilivyosimama kila mlango wa duka, na jinsi zilivyokauka moja moja watu walipoacha kuogopa korona. Kule India, jimbo la Andhra Pradesh, watafiti walijaribu njia nyingine. Waliingia vijijini na kampeni isiyohubiri magonjwa kabisa. Walionyesha kinyaa cha mkono uliotoka chooni na fahari ya mama anayelea watoto wenye adabu ya usafi. Baada ya miezi 6, kunawa kwa sabuni katika nyakati zinazohusika kulifikia asilimia 37 katika vijiji hivyo, na asilimia 6 tu katika vijiji ambavyo havikupata kampeni. Matokeo yalichapishwa 2014. Hata sisi tuliwahi kuijua njia hiyo, maana kampeni ya "Nyumba ni Choo" iliyozinduliwa Desemba 2017 ilimwambia Mtanzania asichukulie poa, ikamgusa heshima ya nyumba yake. Ndiyo maana katika ubeti wangu hamna kipindupindu wala kifo. Kuna "ndimo taka hubanana", kwa sababu mtu akiitazama kucha yake mwenyewe huku akiimba hivyo, hahitaji kutishwa.

Na msiahidi uongo. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu tunaishi ziwani. Kuna watakaowaomba mtie kichocho ndani ya wimbo, kwa kuwa kichocho ni adui mkubwa wa watoto wa Mwanza, wa Ukerewe na wa Kome. Kataeni. Kichocho hakiingii kwa mkono mchafu kinywani. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Mtoto akiimbiwa kwamba sabuni itamkinga na kichocho, kisha akaenda kuogelea, akaugua kichocho, ataacha kuuamini wimbo wote, pamoja na sehemu yake iliyo kweli.

Lakini kichocho kinatuhusu kwa njia nyingine, na huyu ndiye mtu ninayemwomba asome kwa makini: mwalimu au mwenyekiti wa mwalo ambaye hana bomba na anachota maji ziwani ili watu wanawe. Usiwapeleke watoto wakanawe ufukweni wakiwa wamesimama ndani ya maji. Chota, weka kwenye pipa lenye kifuniko, acha yakae siku mbili kabla ya kuyatumia. Vijidudu vya kichocho vilivyo majini haviishi muda huo visipompata mtu. Kwa hiyo uwe na mapipa mawili, moja likitumika jingine likisubiri. Maji hayo hayajawa ya kunywa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Ila kwa kunawa na sabuni yanafaa.

Halafu maji hayo yatiririke. Kibuyu chirizi ndicho kitakachosimama mahali pa bomba, na gharama yake haimshindi mtu. Chukua dumu la lita 5, pasha msumari moto, toboa tundu moja upande wa juu, chini kidogo ya mdomo. Lining'inize kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, uishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linasimama na maji yanakoma. Hakuna mkono uliogusa kitu. Chini mwaga kokoto ili pasiwe tope. Kiweke hatua chache kutoka mlango wa choo, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kukiona, maana kikikaa nyuma ya jengo la walimu hakuna mtoto atakayekifuata.

Sabuni ya mche ikatwe vipande, kila kipande kitobolewe au kifungwe ndani ya kipande cha nyavu kuukuu ya dagaa, kining'inizwe pale pale. Nyavu inaacha maji yachuruzike ili sabuni isiyeyuke, na inazuia kipande kisiote miguu. Shuleni ambako hata nyavu haisaidii, tieni gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, tikiseni, toboeni kizibo. Hakuna atakayeiba chupa ya povu, na kiasi kidogo cha unga kinanawisha watoto wengi. Wala msihangaike kununua sabuni iliyoandikwa kuwa inaua vijidudu. Utafiti mkubwa uliofanywa Karachi na kuchapishwa 2005 ulionyesha kwamba familia zilizopewa sabuni na kufundishwa kunawa zilipunguza kuhara kwa watoto kwa takriban nusu, na sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile yenye dawa.

Mbona mtu wa nyimbo anahubiri madumu na misumari? Kwa sababu wimbo pekee hautoshi, na hilo tumeshafundishwa hapa hapa kwetu. Kuna utafiti ulioitwa Mikono Safi, ulioongozwa kutoka Mwanza, katika shule za msingi 16 za Mwanza, Geita na Kagera. Watoto wote walipewa dawa ya minyoo mwanzoni. Shule nusu ziliongezewa masomo ya kunawa, vikao na wazazi, na mahali pazuri pa kunawia. Matokeo yalichapishwa 2021. Katika shule zile watoto walisema wananawa zaidi katika nyakati zinazotakiwa. Lakini minyoo ya tumbo ilipopimwa mwishoni, kwa jumla tofauti ya wazi haikupatikana.

Wako watakaokata tamaa kwa habari hiyo. Mimi inanichoma, na inaniamsha. Mayai ya minyoo yanakaa kwenye udongo kwa muda mrefu, na mtoto anashinda shuleni saa chache tu. Anarudi nyumbani, anacheza uani, anaitwa kula, na hapo nyumbani anakuta beseni lile lile la maji matupu. Hivi ndivyo ninavyousoma utafiti ule: kilichobaki langoni mwa shule hakitoshi. Kinatakiwa kitu ambacho mtoto anaweza kukibeba hadi nyumbani bila begi, akamwimbia mama, akamwimbia bibi, mdogo wake akadakia kabla hajajua kusema vizuri. Ubeti wa sekunde 20 unabebeka hivyo. Dumu halibebeki. Kwa hiyo wimbo utangulie nyumbani, na unapofika, ufuatwe na kibuyu chirizi wiki hiyo hiyo. Balozi wa nyumba kumi ashike daftari la kuandika nyumba zenye kibuyu chirizi, si spika.

Wazee wetu walishalifanya hili. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia redio nchi nzima kwa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Nguvu yake haikuwa redio peke yake. Watu walikaa katika vikundi vya kusikiliza, na kipindi kikiisha kikundi kiliamua cha kufanya, wakaenda wakachimba vyoo. Tangazo la sekunde 30 katika Radio Free Africa linaweza kufanya kazi ya namna hiyo tukilipanga. Sekunde 20 ziwe za ubeti, zisiguswe. Sekunde 10 zinazobaki msizijaze kwa majina ya wafadhili na salamu za viongozi. Zipeni kazi moja. Wiki hii sauti ya mama iseme, "Sabuni ije kabla ya ugali." Wiki ijayo sauti ya kijana iseme, "Dumu la lita 5, msumari mmoja, kamba moja, leo jioni." Na lirushwe saa ambayo sufuria iko jikoni, mchana kabla ya saa saba na jioni kabla ya saa mbili. Tangazo la kunawa linaloruka saa nne za usiku linamkuta mtu ameshalala na mikono yake.

Kisha pimeni. Msimuulize mtu kama ananawa, kwa sababu atasema ndiyo. Nani atakubali mbele ya mgeni kwamba hanawi? Ulizeni sabuni. Kateni vipande sawa, pimeni urefu kwa rula, ning'inizeni, rudini baada ya wiki. Shule ya watoto wengi ambayo kipande chake hakijapungua inaimba tu, hainawi. Kipande kilichopotea chote kwa siku mbili kimekwenda kufulia, na hapo chupa ya povu itawafaa zaidi. Pia kaeni pembeni ya choo wakati wa mapumziko bila daftari mkononi, mhesabu wangapi wanatoka na wangapi wanakanyaga kijiti. Mfanye hivyo kabla ya wimbo kuanza kuimbwa, na tena mwezi mmoja baadaye, maana wiki ya kwanza watoto wananawa kwa ugeni wa dumu.

Na ninyi mama lishe wa Kirumba, wa Igombe, wa Nansio, sikuwasahau. Ondoeni beseni. Leo hii, kabla ya wateja wa mchana hawajafika, mwekeni kijana mmoja na jagi la maji na kipande cha sabuni, awamiminie watu maji mmoja mmoja kabla hamjapakua, na yeye ndiye aimbe ubeti. Asiyemaliza mshororo wa nne asipewe sahani.